Mlima wa asilimia 35 una nyuzi ngapi?

Julai 2019, mji mdogo wa Harlech huko Welisi ulitangazwa na Guinness kuwa na barabara ya makazi yenye mwinuko mkali kuliko zote duniani. Barabara hiyo inaitwa Ffordd Pen Llech, na kipimo kilichoipa ushindi kilikuwa asilimia 37.45. Iliyovuliwa taji ni Baldwin Street ya Dunedin, Nyuzilandi, ambayo kipimo chake ni asilimia 34.8. Gwyn Headley, mwandishi aliyeongoza kampeni ya Harlech, alisherehekea pamoja na majirani zake.

Aprili 2020 taji likarudi Dunedin. Hakuna aliyechimba kilima wala kumwaga kifusi. Toby Stoff, mpima ardhi wa Dunedin, aliongoza rufaa iliyohoji jambo moja tu: je, hiyo asilimia ilipimwa kwenye mstari upi wa barabara? Baada ya kupitia hoja zake, Guinness walikubali kwamba mwinuko upimwe katikati ya barabara. Kwa kipimo hicho Harlech ilishuka hadi asilimia 28.6, na Baldwin Street ikabaki pale pale, 34.8.

Nimechagua mgogoro huu kwa sababu unabeba ndani yake karibu kila kosa linalofanyika mtu anapogeuza asilimia ya mwinuko kuwa nyuzi za pembe, au nyuzi kuwa asilimia. Hesabu yenyewe haichukui hata dakika. Ugumu uko katika kujua namba uliyopewa imetoka wapi.

Tuanze na asilimia. Dereva anayekaribia mteremko mkali huona alama ya pembetatu yenye mchoro wa mlima na maandishi kama 10%. Namba hiyo inasema kwamba kwa kila mita 100 za kwenda mbele, barabara hupanda au hushuka mita 10. Mita hizo 100 hazipimwi juu ya lami. Zinapimwa kwa ulalo, yaani kama vile mlima ungekatwa kwa msumeno na wewe ukatembea sambamba na uso wa maji yaliyotulia. Asilimia ni kimo ukigawa kwa umbali wa ulalo, kisha ukizidisha kwa 100. Hakuna pembe yoyote iliyotajwa hapo.

Kutokana na maana hiyo, asilimia 100 haiwezi kuwa ukuta uliosimama wima. Ukienda mbele mita 100 na kupanda mita 100, umepanda mlima wa nyuzi 45. Juu ya hapo asilimia huendelea kukua: nyuzi 60 ni asilimia 173, nyuzi 80 ni asilimia 567, na ukuta wa wima hauna asilimia kabisa, maana umbali wa ulalo umekuwa sifuri na hakuna namba inayogawanyika kwa sifuri. Kwa hiyo asilimia na nyuzi hazikui kwa mwendo mmoja. Nyuzi hukua polepole kadiri asilimia inavyopaa.

Kiungo kati ya hizo mbili ni kile ambacho wanafunzi wa sekondari hukutana nacho kama tanjenti. Katika pembetatu yenye kona ya mraba, tanjenti ya pembe ni upande unaoitazama pembe ukigawa kwa upande wa kona ya mraba ulio jirani nayo. Kwenye barabara, upande unaoitazama pembe ni kimo, na upande wa jirani ni ulalo. Kwa maneno mengine, asilimia ya barabara ni tanjenti iliyozidishwa kwa 100. Ukitaka pembe, unarudi nyuma kutoka kwenye tanjenti. Ukitaka asilimia, unakwenda mbele kuelekea kwenye tanjenti.

Tuichukue Baldwin Street. Gawanya 34.8 kwa 100 upate 0.348. Kwenye kikokotoo cha simu bonyeza `tan⁻¹`, andika 0.348, nawe utapata nyuzi 19.19. Kurudi ni kinyume chake: andika 19.19, bonyeza `tan`, upate 0.348, kisha zidisha kwa 100. Mwenye kupenda kufanya kazi hii kwenye jedwali la kompyuta aandike hivi:

```
=DEGREES(ATAN(34.8/100))
=TAN(RADIANS(19.19))*100
```

Mstari wa kwanza unatoa nyuzi, wa pili unatoa asilimia. Maneno DEGREES na RADIANS yapo kwa sababu kompyuta haihesabu pembe kwa nyuzi. Inatumia kipimo kingine, radiani, ambapo mzunguko mzima ni takriban 6.28 badala ya 360. Vikokotoo vingi vya simu navyo vina swichi ya kuchagua kati ya vipimo hivyo viwili, na hapo ndipo watu wengi hupotea bila kujua.

Kikokotoo kikiwa kwenye radiani, `tan⁻¹` ya 0.348 itakupa 0.335. Hilo ni rahisi kulitambua, kwa kuwa mtaa mkali kuliko yote duniani hauwezi kuwa na theluthi moja ya nyuzi. Hatari iko kwenye safari ya kurudi. Andika 19.19 ukidhani uko kwenye nyuzi, kumbe uko kwenye radiani, ubonyeze `tan`: utapata 0.354, yaani asilimia 35.4. Jibu hilo linafanana sana na la kweli, na ni bahati tupu. Radiani 19.19 ni mizunguko mitatu kamili na kipande kidogo cha 0.34 juu yake, na kipande hicho kimetua karibu na pembe yetu. Ungejaribu nyuzi 18 au 21 ungepata upuuzi ulio wazi. Kwa hiyo usikipime kikokotoo kwa kuangalia kama jibu linaelekea kuwa sawa. Andika 45 ubonyeze `tan`. Jibu likiwa 1, uko kwenye nyuzi. Likiwa 1.62, uko kwenye radiani.

Kosa lingine ni kusahau kugawa kwa 100. Mtu anaona 10% kwenye alama, anaandika 10 na kubonyeza `tan⁻¹`, na kikokotoo kinamwambia nyuzi 84.3. Huo ni mwamba wa kupandwa kwa kamba. Jibu sahihi la asilimia 10 ni nyuzi 5.71.

Mafundi na madereva wengi hawana haja ya tanjenti kila siku, nao wana njia ya mkato iliyo halali kabisa: zidisha asilimia kwa 0.57 upate nyuzi, au zidisha nyuzi kwa 1.75 upate asilimia. Kwa asilimia 10 njia hiyo inatoa 5.7, na jibu la kweli ni 5.71. Kwa asilimia 20 inatoa 11.4, na la kweli ni 11.31. Barabara kuu karibu zote ziko chini ya hapo, kwa hiyo njia ya mkato inatosha kwa mazungumzo ya barabarani. Lakini ukifika Baldwin Street inakupa nyuzi 19.8 badala ya 19.19, na kwenye asilimia 100 inakupa 57 badala ya 45. Mimi huitumia bila wasiwasi hadi asilimia 20, kisha naiacha.

Baldwin Street yenyewe iliwahi kuwa mhanga wa namba mbovu. Kwa muda fulani mwinuko wake ulichapishwa katika kitabu cha rekodi kuwa 1 kwa 1.266, kosa la uchapaji lililotokana na taarifa kwa vyombo vya habari ya mwaka 1984. Ukigawa 1 kwa 1.266 unapata 0.79, yaani asilimia 79, ambayo ni nyuzi 38. Maelfu ya watu waliisoma namba hiyo. Je, msomaji aliyeketi mbali na Nyuzilandi angeweza kujua kwamba si kweli?

Angeweza, kwa sababu asilimia ina siri moja ambayo nyuzi hazina. Gari lililoegeshwa mlimani hushikiliwa na msuguano kati ya matairi na barabara. Wanafizikia huupima msuguano huo kwa namba, na namba inayohitajika ili gari lisiteleze ni tanjenti ile ile ya pembe ya mlima. Yaani asilimia ya barabara, ukiigawa kwa 100, ni kiwango cha chini cha msuguano kinachohitajika, hata magurudumu yote manne yakiwa yamefungwa kabisa. Mpira wa tairi juu ya zege kavu huwa na msuguano wa takriban 0.7 hadi 1. Mlima wa asilimia 79 ungekaribia ukingo wa kuteleza hata siku ya jua kali, na breki ya mkono, ambayo kwa kawaida hufunga magurudumu mawili tu, isingefua dafu. Barabara ambayo watu wanaishi kando yake, wanaegesha magari na kupelekewa vifurushi, haiwezi kuwa hivyo. Asilimia 34.8 inahitaji msuguano wa 0.348, ambao zege kavu linao wa kutosha. Barafu, yenye msuguano wa karibu 0.1, haiufikii hata kidogo.

Mwinuko huo huo ndio sababu pia sehemu ya juu ya Baldwin Street imetandikwa zege na si lami, maana lami ingelainika siku ya joto na kuanza kutambaa kuelekea chini. Mtaa huo haukupangwa uwe wa ajabu. Mitaa ya Dunedin ilichorwa kwa miraba kwenye karatasi bila kujali vilima vilivyokuwa chini ya ramani, na mstari mmoja ukaangukia pale.

Tukiwa bado pale juu, tutazame namba nyingine. Sehemu ya juu ya mtaa, yenye urefu unaotajwa kuwa mita 161.2, hupanda mita 47.22. Ukigawa unapata 0.293, yaani asilimia 29.3, nyuzi 16.33. Mbona si 34.8? Kwa sababu hii ni wastani wa kipande chote, na ile ni ya sehemu kali kuliko zote ndani yake. Namba zote mbili ni za kweli. Lakini swali kubwa zaidi ni hili: hizo mita 161.2 ni za ulalo, au ni za juu ya zege, kama mtu aliyevuta utepe ardhini?

Tofauti si ndogo. Zikiwa za ulalo, jibu ni asilimia 29.3 kama tulivyoona. Zikiwa za juu ya zege, basi hazifai kugawa moja kwa moja, maana zimekuwa ule upande mrefu wa pembetatu, ulio mkabala na kona ya mraba. Hapo kimo ukigawa kwa urefu wa barabara si tanjenti bali ni sini. Ulalo wa kweli ungekuwa mita 154.1, mwinuko asilimia 30.6, na pembe nyuzi 17.03. Uwiano unaotajwa pamoja na namba hizo ni 1 kwa 3.41, nao unalingana na jibu la kwanza, kwa hiyo waliopiga hesabu walizichukua mita hizo kuwa za ulalo. Hivyo ndivyo unavyoweza kuihoji namba hata kama hukuwepo wakati wa kupima: ukipewa kimo, umbali na asilimia kwa pamoja, piga hesabu kwa njia zote mbili, uone ni ipi inayooana.

Kwa barabara za kawaida kosa hili halimuumizi mtu. Dereva anayesoma mita za gari lake anapima urefu wa juu ya lami, lakini kwenye mlima wa asilimia 10 kila mita 100 za ulalo ni mita 100.5 za lami. Kwenye mwinuko wa asilimia 34.8 zinakuwa mita 105.9, na asilimia utakayoipata kwa kutumia mita za gari ni 32.9. Hapo umepoteza karibu pointi mbili nzima. Kumbuka kwamba rekodi ya dunia ilibishaniwa kwa chini ya pointi tatu.

Sasa turudi Harlech. Ffordd Pen Llech haishuki ikiwa imenyooka. Ina kona kali. Gari likizunguka kona, gurudumu la ndani hutembea njia fupi kuliko la nje, lakini yote mawili yanashuka kimo kile kile, kwa kuwa barabara iko karibu kimo kimoja kutoka ukingo hadi ukingo. Kimo hakibadiliki, ulalo umepungua, basi asilimia hupanda. Ukingo wa ndani wa kona yoyote ya mlimani ndio mkali kuliko sehemu nyingine za kona hiyo.

Tuupime ukubwa wa jambo hili kwa mfano wa karatasi. Chukua kipande cha kona chenye ulalo wa mita 10 katikati ya barabara, kinachopanda mita 2.86. Hiyo ni asilimia 28.6, nyuzi 15.96. Ili ukingo wa ndani uwe na asilimia 37.45 kwa kimo kile kile cha mita 2.86, ulalo wake unatakiwa uwe mita 7.64. Yaani ukingo wa ndani uwe mfupi kwa mita 2.36 tu kuliko mstari wa katikati. Kwenye kona iliyobana hilo halihitaji barabara pana. Na ukingo wa nje, kwa hesabu hiyo hiyo, utakuwa na ulalo wa mita 12.36, asilimia 23.1, nyuzi 13. Barabara moja, kona moja, na pembe inatembea kutoka nyuzi 13 hadi 20.5 kutegemea umesimama upande upi.

Kwa maoni yangu Guinness walifanya sawa kuchagua mstari wa katikati. Ukingo wa ndani ungempa ushindi yeyote mwenye kona kali zaidi, na mashindano yangekuwa ya kona badala ya milima. Lakini watu wa Harlech hawakudanganya. Asilimia 37.45 ilikuwepo kweli, pale kwenye ukingo wa ndani.

Msomaji mwenye mlima wake mwenyewe, iwe ni njia ya kuingilia gereji au barabara ya mtaa, anaweza kupima kwa vifaa vya fundi mwashi. Tafuta ubao ulionyooka wa mita 2, pima maji na utepe. Weka ncha moja ya ubao chini upande wa juu wa mlima, na uinue ncha ya pili hadi povu la pima maji likae katikati. Ubao sasa ndio ulalo wako. Pima kwa timazi kutoka ncha iliyoinuliwa hadi ardhini. Ukipata sentimita 24, gawanya kwa 200: ni 0.12, asilimia 12, na `tan⁻¹` inakupa nyuzi 6.84. Kwenye sehemu kali ya Baldwin Street, ncha ya ubao huo ingening'inia karibu sentimita 70 juu ya zege. Uzuri wa njia hii ni kwamba inapima ulalo wenyewe, kwa hiyo ule mtego wa sini haupo.

Simu nayo inaweza kupima pembe moja kwa moja ukiilaza barabarani, na wengi huipenda kwa wepesi wake. Ina udhaifu wa aina mbili. Simu ni fupi, kwa hiyo jiwe dogo chini yake hubadilisha jibu. Ilaze juu ya ule ubao, na ubao ulale juu ya barabara. Pili, ukikosea nusu ya nyuzi kwenye mlima wa kawaida, umekosea karibu pointi 0.9 ya asilimia, na kwenye mwinuko kama wa Dunedin unakuwa umekosea karibu pointi moja nzima. Pima, kisha igeuze simu kichwa kiende ilikokuwa miguu, upime tena na uchukue wastani. Kasoro ya kitambuzi huongeza upande mmoja na kupunguza upande wa pili, nayo hujifuta.

Na unapoandika jibu, usikate tarakimu mapema. Nyuzi 19.19 ukiziandika 19 tu, anayegeuza kurudi kwenye asilimia atapata 34.4 badala ya 34.8.

Kwa dereva wa lori tofauti ya asilimia na nyuzi ni ya tani. Lori la tani 30 kwenye mteremko wa asilimia 10 huvutwa kuelekea chini kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban tani 3. Wahandisi wanapenda asilimia kwa sababu hiyo hasa: kwenye milima ya kawaida, asilimia kumi ya mwinuko ni karibu asilimia kumi ya uzito. Alama hiyo hiyo ikisomwa kimakosa kuwa nyuzi 10, mteremko unageuka kuwa wa asilimia 17.6, na nguvu ambayo breki zinapaswa kuizuia inafika tani 5.2.